Mtoto Kaamka na Adhana: Vidokezo vya Kuisogeza Saa 11 Alfajiri

Garissa ni mji unaoamka mapema. Adhana ya alfajiri hutoka kati ya saa 11 kasoro robo na saa 11 na dakika 20 kutegemea mwezi, na jua linapochomoza nyumba nyingi zimeshaswali, chai imeshachemka na anjera imeshaingia kwenye kikaango. Mtu mzima aliyelala mapema halalamiki. Anayelalamika ni mama ambaye mtoto wake wa mwaka na nusu huketi kitandani saa hiyo hiyo, macho makavu, akitaka mchezo, kisha hufika saa 2 asubuhi akilia kwa uchovu. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kuamka huko: saa aliyolala, mwanga anaoupata, na usingizi aliokwisha kuutumia mchana. Yote matatu yanaweza kusogezwa, ila kwa mpangilio na kwa subira ya wiki mbili tatu.

Vidokezo hivi ni vya mtoto wa miezi 12 hadi miaka 3. Mchanga wa chini ya miezi 6 muache na ratiba yake. Yeye huamka kunyonya, na anastahili kunyonya.

1. Hesabu usingizi wa saa 24, usihesabu usiku peke yake

Kabla ya kubadilisha lolote, chukua karatasi. Kwa siku tatu andika mtoto amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, na kila usingizi wa mchana ulianza na kuisha lini. Andika usingizi wa kweli. Muda wa kugaragara kitandani usiuhesabu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 apate saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo.

Mara nyingi karatasi hiyo huonyesha kitu ambacho mzazi hakukitarajia: mtoto hana upungufu wowote. Anapata saa zake zote, ila amezigawa vibaya. Na kama jumla iko chini ya saa 11, au amefika saa 1 asubuhi anafikicha macho na kusinzia begani kwa mtu, basi usiku wake umekatwa kabla haujatosha. Hali hizi mbili hutibiwa tofauti, ndiyo maana karatasi huja kwanza.

2. Fahamu kwa nini ni saa 11 hasa

Mwaka 1982 mtafiti wa Uswisi, Alexander Borbély, alieleza usingizi kuwa kazi ya nguvu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni shinikizo la usingizi. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyojaa ndivyo tunavyozidi kusinzia. Tukilala, hupungua. Ifikirie kama jerikani linalojazwa mchana kutwa na kumwagwa usiku. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, ambayo hujirekebisha kila siku kwa kufuata mwanga, na ndiyo huuambia mwili huu ni usiku, huu ni mchana.

Mtoto aliyelala saa 2 usiku huanza na jerikani limejaa. Ikifika saa 10 au 11 alfajiri limebaki tone. Kwa wakati huo kinachomshikilia usingizini ni saa ya mwili peke yake, na hiyo nayo imeanza kugeukia mchana: joto la mwili, lililokuwa chini kabisa usiku wa manane, limeanza kupanda. Watoto wadogo hupitia mizunguko mifupi ya usingizi, karibu saa moja kila mmoja, na baina ya mizunguko hujigeuza na kufungua macho kidogo. Akifanya hivyo saa 5 usiku hurudi kulala hata kama wageni wanaongea sebuleni. Akifanya hivyo saa 11 alfajiri, mlango ukilia tu, taa ikiwaka tu, basi siku imeanza. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni uzito wa usingizi unaokutana na sauti hiyo.

Ndiyo maana si haki kuilaumu adhana. Watoto wengi wa mji huu hulala kando ya msikiti wakaipitiliza, kwa sababu usingizi wao wa saa hiyo bado una nguvu. Kazi yetu ni kuupa nguvu.

3. Anza na usingizi wa saa 3 asubuhi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana ndipo tatizo linapojificha.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu: mtoto wa miezi 20 katika nyumba moja ya Bulla Iftin. Anaamka saa 11 kamili alfajiri. Saa 3 asubuhi amechoka, analazwa, analala saa moja na nusu. Saa 8 mchana joto limekuwa kali, nyumba nzima imejinyoosha, naye analala tena hadi saa 10. Usiku analala saa 2. Jumlisha: saa 9 za usiku, saa 1 na nusu za asubuhi, saa 2 za mchana. Ni saa 12 na nusu. Mtoto huyu ameshiba usingizi.

Sasa uangalie ule wa saa 3 asubuhi. Umekuja saa nne tu baada ya kuamka, mapema mno kwa umri wake. Kwa hakika ni kipande cha usiku kilichokatwa saa 11 kikaja kumaliziwa saa 3. Mwili wa mtoto umejifunza kwamba hakuna haja ya kung'ang'ania usingizi alfajiri, kwani sehemu iliyobaki italipwa baada ya saa chache. Kila siku mnaulipa, na kila alfajiri unakatwa.

Watoto wengi huacha usingizi wa asubuhi na kubaki na mmoja wa mchana kati ya miezi 15 na 18. Huyu wa miezi 20 yuko tayari. Mpango wake ni huu. Siku ya kwanza hadi ya tatu, usingizi wa asubuhi unaanza saa 3 na nusu. Siku ya nne hadi ya sita, saa 4. Endelea kusogeza nusu saa kila baada ya siku tatu, na ikifika siku ya 16 utakuwa umefika saa 6 mchana. Katika wiki ya kwanza usingizi wa pili bado utahitajika, ila ufupishe uwe wa dakika 45, na uhakikishe ameamka ifikapo saa 9 alasiri. Usingizi wa kwanza ukishafika saa 5 asubuhi, wa pili utajiondokea wenyewe. Siku ambayo umeondoka na mtoto amechoka sana jioni, mlaze saa 1 na nusu usiku kwa siku hizo chache, kisha urudi saa 2.

Lengo ni usingizi mmoja wa mchana wa kama saa 2, kuanzia saa 6 hadi saa 8. Mahitaji yake ni saa 12 na nusu, kwa hiyo usiku unabakiwa na saa 10 na nusu. Ukihesabu kutoka saa 2 usiku unafika saa 12 na nusu asubuhi. Katika maisha halisi hesabu haitoki sawasawa hivyo, lakini saa 12 ni lengo linalofikika, na kati ya saa 11 na saa 12 kuna tofauti kubwa kwa mama aliyeamka kunyonyesha saa 8 usiku.

Kinachoharibu mpango huu ni visinzio vidogo visivyohesabiwa. Mtoto akipakiwa kwenye tuktuk kwenda sokoni saa 4 asubuhi akasinzia dakika kumi, jerikani limemwagwa kiasi, na usingizi wa mchana utavurugika. Ayeyo naye akimpakata kivulini huku akimwimbia, atasinzia. Kwa hiyo zungumza na ayeyo kabla hujaanza, umweleze kwa heshima unachokijaribu na kitaisha lini, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na mtoto saa hizo ngumu. Saa hizo humfaa mtoto kucheza na maji kwenye beseni, kutembezwa kwenye kivuli, kupewa kitu cha kutafuna. Zikishapita siku tatu za kwanza huzoea.

Mtoto wa chini ya miezi 15 usimnyang'anye usingizi wa asubuhi. Msogezee tu, usianze kabla ya saa 3 na nusu. Na wa miaka 3 anayelala saa 3 nzima mchana, mpunguzie hadi saa moja. Tathmini za utafiti zimeonyesha kwamba baada ya umri wa miaka 2, usingizi wa mchana huendana na kuchelewa kulala na usiku mfupi zaidi.

4. Saa ya kulala isogezwe polepole, tena ihukumiwe baada ya wiki

Mzazi aliyechoka hufikiri haraka: nikimchelewesha hadi saa 4 usiku, ataamka saa 12. Anajaribu usiku mmoja. Mtoto anaamka saa 11 vile vile, mkali kuliko jana, na mzazi anasema mbinu haifanyi kazi. Bila shaka haikufanya. Shinikizo la usingizi lilibadilika usiku ule ule, lakini saa ya mwili haihami kwa usiku mmoja. Inahitaji siku kadhaa za kulala na kuamka kwa mpangilio mpya, pamoja na mwanga wa mpangilio mpya.

Kama karatasi yako inaonyesha mtoto analala mara tu baada ya Maghribi, tuseme saa 1 kasorobo, na uwezo wake wa usiku ni saa 10, basi kuamka saa 11 kasorobo ni hesabu tu. Msogeze dakika 15 kila baada ya siku tatu au nne hadi ufike saa 2 kasorobo au saa 2. Ukimpitisha saa 3 na nusu utaanza kupoteza tena, maana ataamka kwa kufuata saa ya mwili, usiku utakuwa mfupi, na usingizi wa saa 3 asubuhi utarudi kudai haki yake.

Mtoto mwenyewe atakuambia kama umepatia. Akigaragara zaidi ya nusu saa kabla ya kulala, akidai maji, akidai baba, umemlaza mapema kuliko shinikizo lake. Akianguka usingizini kwa kilio ndani ya dakika mbili, umechelewa. Katikati ya hapo, dakika 10 hadi 20 za utulivu, ndipo panapofaa.

5. Pazia nene ni ushauri wa Ulaya

Ukisoma vitabu vya malezi kutoka Uingereza, dawa ya kwanza ya kuamka alfajiri ni pazia zito jeusi. Kwao ni kweli. Mwezi Juni jua la London huchomoza saa 11 kasoro dakika 17 alfajiri, na chumba kimejaa mwanga kabla hata ya hapo.

Garissa iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu hivi, mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kuchelewa zaidi katikati ya Februari. Mandera, iliyo mashariki zaidi, hututangulia kwa dakika chache. Saa 11 alfajiri ni giza totoro huku kwetu. Pazia litakusaidia baadaye, mtoto akishafika saa 12 ukataka umwongezee nusu saa, lakini halimzuii kuamka saa 11. Mwanga unaomfikia saa hiyo tunauwasha sisi: taa ya chumbani, taa ya bafuni inayopenya mlangoni, na simu iliyofunguliwa karibu na uso wake ili anyamaze.

Mwanga wa saa hiyo una madhara mawili. Unamwamsha leo, na pia unairudisha nyuma saa yake ya mwili. Mwanga unaompata mtu mwishoni mwa usiku wake huuambia mwili kwamba asubuhi imefika, na kesho mwili hujiandaa mapema zaidi. Kumwashia taa mtoto kila siku saa 11 ni kumfundisha kuamka saa 11.

Watoto huumizwa na mwanga kuliko sisi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder uliochapishwa mwaka 2018, kwa watoto wachache wa miaka 3 hadi 5, ulionyesha kwamba saa moja ya mwanga mkali kabla ya kulala ilipunguza melatonini yao, ile homoni ya usiku, kwa karibu asilimia 90, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa ilikuwa bado haijarudi. Utafiti wa baadaye wa kundi hilo hilo, wa mwaka 2022, ulikuta hata mwanga hafifu ukiipunguza sana kwa watoto wengi.

Kwa hiyo pangeni mwanga wa siku nzima. Kabla ya saa 12 asubuhi kuwe na giza au kitaa kidogo cha rangi ya manjano au nyekundu kilichowekwa chini sakafuni. Ikifika saa 12 na nusu, mtoeni nje kwenye mwanga wa kweli, hata kama ni kuketi mlangoni na kikombe cha uji. Jioni, baada ya Alasiri, joto linapopungua na watu wanatoka, naye atoke. Mwanga wa jioni hadi jua lizame humsaidia kubaki macho na huisukuma saa yake mbele kidogo, jambo tunalolitaka. Baada ya Maghribi zimeni taa kubwa za chumba chake, na simu ikae mbali.

6. Swala iendelee, kelele zipungue

Hakuna mzazi wa Garissa atakayeacha Alfajiri kwa ajili ya usingizi wa mtoto, wala hakuna haja. Kinachotakiwa ni kuandaa usiku uliotangulia. Nguo za swala na mswala viwekwe chumba kingine. Maji ya udhu yajazwe kwenye birika mapema ili bomba lisifunguliwe kwa kishindo. Bawaba ya mlango unaolia itiwe mafuta. Tochi imulikwe chini. Kengele ya simu ibadilishwe iwe ya mtetemo, simu ikiwa chini ya mto wa mzazi. Kama baba anakwenda msikitini na mama anaswali nyumbani, anayetoka asirudi chumbani kwa mtoto hadi saa 12.

Akiamka hata hivyo, mpe dakika chache kabla ya kumwendea, ikiwa halii kwa hofu wala maumivu. Wengine hujirudisha wenyewe. Ukimwendea, zungumza kwa sauti ya chini, mlaze tena ndani ya neti, kaa karibu gizani. Usimpeleke sebuleni. Mkienda sebuleni mara moja kwa kila siku tatu, atasubiri siku hiyo ya tatu. Hata asipolala tena, kuwa kitandani gizani hadi saa 12 kunailinda saa yake ya mwili dhidi ya mwanga, na hiyo ni faida ya kutosha kwa wiki ya kwanza.

7. Chakula cha kwanza kisubiri mwanga, isipokuwa mtoto mwembamba

Tumbo nalo lina saa. Mtoto anayepewa anjera na chai ya maziwa kila siku saa 11 na robo ataanza kuhisi njaa saa 11, hata akiwa amekula vizuri usiku. Sogeza kifungua kinywa dakika 10 hadi 15 kila baada ya siku mbili tatu hadi kifike saa 12 na nusu. Usiku mpe chakula kinachokaa tumboni, na hiyo chai muondolee kabisa mchana na jioni. Chai ni kichangamshi, na mwili hukitoa polepole, kwa saa nyingi. Anayenyonya bado, mnyonyeshe alfajiri ukiwa umelala, gizani, bila mazungumzo, kama unavyofanya saa 8 usiku.

Lakini Kaskazini Mashariki imepitia ukame mzito, mvua tano mfululizo zikikosekana kati ya 2020 na 2022, na kuna watoto wanaoamka alfajiri kwa njaa ya kweli. Kama mtoto wako amepungua uzito, au nguo zake zimeanza kumpwaya, usimsogezee chakula. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkono kwa ule mkanda wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu haraka. Usingizi utashughulikiwa baadaye.

8. Joto la saa 3 usiku, upepo wa saa 10

Ili usingizi uje, mwili lazima upoze joto lake. Chumba chenye paa la mabati kilichopigwa na jua kutwa huwa bado kinatoa joto saa 3 usiku, na mtoto huchelewa kulala bila kosa lake. Fungua madirisha jua likizama, mwogeshe maji ya vuguvugu, mvalishe nguo moja nyepesi. Familia zinazolala uani zinafanya jambo la busara, mradi neti iwe imefungwa vizuri na iingizwe chini ya godoro au mkeka.

Saa ya baridi kuliko zote ni kabla ya mapambazuko. Anayelala uani bila kitu miguuni anaweza kuamshwa na upepo saa ile ile usingizi wake ulipo mwepesi. Suruali nyepesi ya kulalia inatosha kwa mtoto aliyepita mwaka, kuliko shuka litakalosukumwa pembeni.

Feni ina faida ya ziada: mvumo wake usiobadilika hufunika milango, sufuria na nyayo za alfajiri. Ielekeze ukutani, isimpige usoni. Ila stima ikikatika usiku, ukimya na joto huja pamoja, na mtoto huamka. Ukiona kuamka kwake kunaendana na usiku wa kukatika stima, usibadilishe ratiba yake kwa sababu hiyo.

9. Ramadhani: linda usingizi wa mchana

Mwezi huu futari, Tarawehe na daku huubana usiku wa kila mtu. Mtoto wa miaka 2 hulala saa 4 usiku kwa sababu nyumba imejaa watu, kisha huamshwa na taa za daku saa 10. Usijaribu mpango wa kidokezo cha tatu mwezi huu. Mlaze saa yake chumba cha mbali kama upo uwezo, daku iliwe mbali na anapolala, na usingizi wa mchana uurefushe hadi saa 2 na nusu. Idi ikipita, mrudishe dakika 15 kwa 15. Wiki moja hadi mbili hutosha.

10. Wakati wa kumwona daktari, na wakati wa kumwacha

Mtoto anayekoroma usiku mwingi, anayepumua kwa mdomo, au anayeonekana kukata pumzi kidogo kisha kushtuka, apelekwe hospitali. Tonsili na nyama za nyuma ya pua zilizovimba huvunja usingizi, na hakuna ratiba itakayozitibu. Vivyo hivyo anayerusharusha miguu usiku kucha na ana weupe ndani ya kope, maana upungufu wa madini ya chuma unaweza kusumbua usingizi. Homa, kikohozi cha usiku, kuvuta sikio, haya hayasubiri wiki tatu za mpango. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina madaktari wa watoto, na karatasi yako ya kidokezo cha kwanza uende nayo.

Na kama umesoma hadi hapa ukagundua kwamba mtoto wako hulala saa 1 usiku, huamka saa 11 akicheka, hulala mara moja mchana, na jumla yake ni saa 12? Huyo ana usingizi kamili. Nyumba inayoanza siku yake na Alfajiri inaweza kabisa kuishi na mtoto wa namna hiyo. Badala ya kumsogeza yeye, sogeza saa yako ya kulala ifike saa 3 usiku, na akilala saa 6 mchana, ulale naye.